Tustroki inayotoa moshi na kuua plagi: usianze na ringi

Pikipiki ya tustroki ikianza kufuka moshi mzito na kuua plagi kila baada ya siku chache, mafundi wengi hukimbilia kubadili ringi. Mimi nashauri uanze na plagi yenyewe. Endesha mpaka injini ipate moto, izime, kisha fungua plagi. Masizi makavu yanayopakaa kidoleni kama mkaa ni dalili ya petroli nyingi. Ikiwa nyeusi, imelowa na inateleza, hiyo ni oili.

Anza na oili. Kama kitabu kinasema 1:40, kila lita ya petroli inataka mililita 25, yaani 125 kwa lita 5. Anayemimina kwa kukisia akatia 250 amefika 1:20, mara mbili ya kinachotakiwa. Pima kwa chombo chenye alama, changanya kwenye galoni, tikisa, ndipo ujaze tangi. Usipunguze chini ya kipimo cha kitabu ili kuondoa moshi, maana pistoni itakwama. Baada ya kurekebisha, moshi hauishi papo hapo: oili iliyoganda ndani ya ekzosi huendelea kuungua kwa muda.

Kabureta usiiguse kabla ya hapo. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo ukirudisha kipimo sahihi, petroli inayopita kwenye jeti huongezeka kidogo. Jeti iliyochaguliwa kwa mchanganyiko mbovu itakudanganya.

Plagi ikibaki na masizi makavu, safisha filta ya hewa na hakikisha choki inarudi yote. Kisha angalia injini inabwabwaja mkono wa mafuta ukiwa wapi. Ikibwabwaja kuanzia robo hadi robo tatu, pandisha klipu ya sindano ngazi moja, sindano ishuke. Ikibwabwaja mafuta yakiwa wazi kabisa, punguza jeti kuu saizi moja, ujaribu, usome plagi tena. Ukiruka saizi mbili kwa pamoja unaweza kuunguza pistoni.

Ringi zije mwisho. Katika injini ya mipigo minne, ringi zikichakaa oili hupanda kutoka chini. Tustroki haina oili iliyokaa chini ya pistoni, kwa hiyo ringi mbovu hupoteza kompresheni: mchanganyiko hauungui wote, plagi inalowa, pikipiki inakataa kuwaka. Funga geji ya kompresheni, fungua mafuta yote, piga kiki mpaka mshale usimame. Ikiwa chini sana ya kipimo cha kitabu, tia oili kijiko kidogo kwenye tundu la plagi, upime tena. Mshale ukipanda wazi, ringi au silinda zimekwisha.

Kama moshi mweupe unabaki licha ya hayo yote, pima oili ya gia boksi. Ikipungua bila kuvuja nje, sili ya krenki upande wa klachi imekufa na injini inainywa. Ringi mpya hazitasaidia chochote.