Taarifa ya kamisheni: usiyafiche mauzo mnayobishania

Juma lililopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba wakala wake anadai kamisheni ya mauzo saba, ilhali yeye anayatambua matano tu, akaniuliza iwapo ni sawa azuie malipo yote mpaka wapatane. Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba asizuie hata kidogo. Kisha usiku usingizi ukanipaa, kwa sababu miaka minne iliyopita mimi nilifanya jambo baya kuliko hilo.

Karakana yetu iko Lamu, nasi hutengeneza milango ya kuchonga, samadari, viti vya enzi na masanduku. Wateja wetu wengi ni wenye nyumba na hoteli ndogo za Malindi na Watamu, watu wasiofunga safari ya Lamu kwa ajili ya kiti, hivyo tunamtegemea wakala aliye huko mwenye picha za kazi zetu katika simu yake. Wakala wetu wa kwanza alikuwa mtu mzima, makini, aliyeniita "mwanangu". Kila mwezi nilimtumia kamisheni yake kwa M-Pesa, basi. Ujumbe wa M-Pesa humwonyesha mpokeaji kiasi na jina la aliyetuma. Haumwambii fedha hizo ni za mlango upi. Mwezi mmoja niliiacha nje oda niliyoamini kwamba haikupitia kwake, nikatuma kilichobaki bila neno, nikidhani akiwa na swali atauliza. Hakuuliza. Alipiga hesabu kimya kimya, akaona pengo, akaamua kwamba ninamdhulumu, na haukupita mwezi nikasikia anauzia karakana nyingine. Hadi leo tukikutana hunisalimu kwa upole, "Hujambo, mwanangu," na salamu hiyo hunichoma kuliko matusi. Kamisheni ya oda ile ilikuwa shilingi 2,800.

Tangu hapo wakala wetu wa sasa hupata taarifa iliyoandikwa kila mwezi. Tunafunga hesabu siku ya mwisho ya mwezi, taarifa inamfikia tarehe 3, pingamizi zake nazipokea hadi tarehe 7, na fedha hutumwa tarehe 10. Ikiangukia siku ya mapumziko, hulipwa siku ya kazi inayotangulia. Tarehe hizo huandikwa juu kabisa, kabla ya takwimu yoyote, kwa sababu mtu anayejua siku ya kulipwa husoma yaliyobaki kwa utulivu. Chini yake huja kanuni ya hesabu kwa sentensi moja: kamisheni ni asilimia 10 ya fedha zilizotufikia kwa bei ya bidhaa, bila gharama ya mashua hadi Mokowe na lori hadi Malindi. Kama mnakata kodi ya zuio, nayo ipewe mstari wake, isimezwe ndani ya jumla.

Nieleze taarifa ya Julai, maana ndiyo iliyonipa fahari kidogo.

Mauzo yasiyo na ubishi yalikuwa mawili. Mlango wa kuchonga uliokwenda Watamu ulilipiwa shilingi 180,000, lakini 12,000 kati ya hizo zilikuwa za usafiri, kwa hiyo kamisheni ilihesabiwa kwa 168,000, ikawa 16,800. Viti vinne vya enzi viliuzwa kwa 88,000, na mteja alikuwa ametoa arbuni ya nusu tu, yaani 44,000, wakala akaandikiwa 4,400, pamoja na maneno haya: "Kamisheni ya salio, shilingi 4,400, itaingia katika taarifa ya mwezi ambao mteja atamaliza kulipa." Maneno hayo ni ya lazima. Wakala anakumbuka aliuza viti vinne, na ukimwandikia nusu bila kueleza ataona viwili vimeibwa.

Samadari ndiyo iliyoleta kazi. Mama mmoja alifika karakanani, akalipa 95,000 taslimu, na fundi akaniambia kwamba alijijia mwenyewe. Wakala naye alidai ni mteja wake. Zamani ningeifuta oda hiyo kwenye orodha. Safari hii niliiweka chini ya kichwa chake, "Mauzo yanayobishaniwa", nikaandika hivi: "Samadari, shilingi 95,000. Kamisheni inayohusika: 9,500. Haijajumlishwa katika malipo ya tarehe 10. Sababu: kwa maelezo ya fundi, mteja alikuja bila kuelekezwa na mtu. Tunachohitaji kutoka kwako: ujumbe wowote uliomtumia mteja kabla hajafika kwetu, wenye tarehe. Uamuzi utatolewa kabla ya tarehe 20." Tazama kwamba sikusema anadanganya, wala sikusema "tutaangalia". Kiasi kipo, sababu ipo, ushahidi unaotakiwa umetajwa, na siku ya jibu imetajwa.

Tarehe 5 akanitumia picha ya mazungumzo yao. Alikuwa amempelekea yule mama picha ya samadari siku tisa kabla, akaiita "kitanda nambari 7". Nikamwuliza fundi mteja alisemaje alipoingia. Akakuna kichwa, akasema, "Aliulizia nambari saba, dada, nami sikujua ni saba ya nini, nikamwonyesha kilichokuwepo." Sisi karakanani hatuna nambari, nambari zimo katika orodha ya wakala peke yake. Ubishi ukaishia hapo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili kosa lilikuwa langu. Mwezi Juni tuliuza sanduku kwa 36,000, wakala akapata 3,600, kisha mwezi Julai mteja akalirudisha kwa kuwa kifuniko kilipasuka, na tukamrudishia fedha zake. Nikakata 3,600 kwenye taarifa, jumla ikashuka kutoka 21,200 hadi 17,600. Wakala akaandika kwa heshima kwamba mbao hazikuwa zimekauka, na kukausha mbao si kazi yake. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu alisema kweli. Lakini nilijifunza kwamba makato yanayobishaniwa ni sawa na mauzo yanayobishaniwa: huwezi kuyachukua kwanza ndipo mjadiliane. Nikayaondoa, nikamtumia taarifa mpya yenye maneno "toleo la pili" na tarehe juu yake, ili tusije kushikana mashati kwa karatasi mbili tofauti, na tarehe 10 akapokea 21,200 kamili. Baadaye tulikubaliana kwamba bidhaa ikirudi kwa kasoro ya karakana, hasara ni ya karakana. Ikiwa mteja amebadili nia tu na tumemrudishia fedha, kamisheni inakatwa mwezi unaofuata.

Ndugu zangu wafanyabiashara, hasa ninyi mnaojisifu kwamba mnawalipa watu vizuri: kuzuia fedha ambazo hamzibishanii, ili kumlazimisha mtu akubali zile mnazozibishania, ni kumkaba, hata mkiliita kusubiri hesabu zikae sawa. Msomaji wangu wa Malindi alipe yale matano tarehe aliyoahidi. Yale mawili ayaandike, kila moja na kiasi chake, sababu yake na siku ya uamuzi. Akishindwa kuandika sababu kwa sentensi moja inayoeleweka, basi huenda hana sababu.

Uamuzi wa samadari niliutuma tarehe 12, na katika taarifa ya Agosti mstari wa kwanza ulisomeka, "Marekebisho ya Julai: samadari, 9,500." Fundi sasa ana daftari dogo mlangoni, na kila mteja anayeingia huulizwa ni nani aliyemwonyesha kazi zetu, kabla hata ya kukaribishwa kahawa.