Kabla Hujailaumu Kompyuta, Jumlisha Mstari wa Kati

"Shikamoo injinia. Programu inasema Singular matrix, na nondo nimeshaifunga ukutani."

Ujumbe huo ulinifikia wiki iliyopita kutoka kwa kijana anayesoma uhandisi Arusha. Wenzake wote walikuwa wamempa jibu moja: umesahau kushikiza. Hakuwa amesahau. Nikamwambia aache kompyuta kwanza, anitumie mchoro.

Mchoro wenyewe ni mwepisi. Nondo mbili za chuma zimeungwa kwa kufuatana, kila moja mita 1. Ya kwanza, yenye eneo la milimita za mraba 400, inatoka ukutani (kiungo 1) hadi kiungo 2. Ya pili, yenye eneo la 200, inaendelea hadi kiungo 3. Kiungo 2 kinavutwa kwa kilonyutoni 12, kiungo 3 kwa 20, zote kuelekea nje ya ukuta. Ugumu wa nondo ni EA/L, na kwa chuma chenye E ya kilonyutoni 200 kwa milimita ya mraba tunapata 80 kwa nondo ya kwanza na 40 kwa ya pili, yaani kilonyutoni kwa kila milimita ya msogeo. Kila nondo ina matriksi yake ndogo, na ukizipanga kwa namba za viungo unapata hii:

```
 80   -80     0
-80   120   -40
  0   -40    40
```

Ile 120 ndiyo roho ya njia nzima. Shika kiungo 1 na 3 visitikisike, kisha sukuma kiungo 2 milimita moja kwenda nje. Nondo ya kwanza inavutika na kukupinga kwa 80, ya pili inabanwa na kukupinga kwa 40. Zote mbili zinakupinga kwa pamoja, kwa hiyo unajumlisha. Wapo wanaobisha kwamba nondo zinazofuatana hulegea na ugumu wake wa pamoja ni kama 26.7. Ni kweli, lakini hiyo ni hesabu ya kuvuta ncha tu. Haijui lolote kuhusu mzigo uliowekwa katikati.

Sasa tazama alichoandika kijana wetu kwa nafasi hiyo ya 120. Programu yake huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo K[1,1] ni ya kiungo 2:

```
K[1,1] = k1
K[1,1] = k2
```

Mstari wa pili umeifuta 80 na kubakiza 40. Ukishaondoa mstari na safu ya kiungo 1, kwa kuwa ukuta hausogei, unabaki na 40, -40, -40, 40. Hapo hakuna jibu, na kompyuta imesema kweli. Dawa ni `+=` badala ya `=`.

Nilimwambia ana bahati. Angeanza na nondo ya pili, ingebaki 80, na programu ingempa misogeo ya milimita 0.8 na 1.3 bila kulalamika hata kidogo. Namba hizo ni safi, unaweza kuzichapa kwenye ripoti, na zote mbili ni uongo.

Hapa naomba niseme langu, maana bado linaniuma. Zamani, katika ofisi moja hapa Moshi, nilipeleka karatasi ya hesabu za mkono kama hizi. Mkubwa wangu hakuisoma. Alisema hizo ni hesabu za darasani, kompyuta imeshamaliza. Kumbe matokeo ya kompyuta yalionyesha nondo ya ukutani inabeba nguvu kubwa kuliko mizigo yote iliyowekwa. Baadaye walibadilisha kimya kimya. Asante sikuipata, na karatasi ile ninayo mpaka leo. Vijana, msikubali kuchekwa kwa sababu ya kalamu.

Jumlisheni kila mstari wa matriksi kabla ya kushikiza. Lazima utoe sifuri, kwa sababu viungo vyote vikisogea sawasawa hakuna nondo inayovutika. Matriksi ya kijana ilitoa -80 kwenye mstari wa kati. Ile ya mpangilio wa kinyume ingetoa -40. Ukaguzi huo hauhitaji hata kikokotoo.

Tukamalizia pamoja. Kilichobaki ni milinganyo miwili:

```
120 u2 - 40 u3 = 12
-40 u2 + 40 u3 = 20
```

Ukiijumlisha, u3 inaondoka: 80 u2 = 32, kwa hiyo u2 ni milimita 0.4, na u3 ni 0.9. Nondo ya kwanza inabeba 80 × 0.4, yaani kilonyutoni 32, ambazo ni 12 na 20 zote. Ya pili imerefuka 0.5 na inabeba 20. Kwa yale majibu ya uongo, nondo ya kwanza ingebeba 64, wakati mzigo wote ni 32.

Aliniuliza mstari wa kwanza tuliouondoa una kazi gani tena. Urudishe sasa: -80 × 0.4 ni -32, na hiyo ndiyo nguvu ambayo ukuta unavutia kwake.