Mchezo wa lanchi kwa skrini moja

"Tuko watano ofisini hapa Kisumu, lanchi ni fupi, na skrini ni moja tu ya kuazima. Tucheze nini pamoja?"

Jaribuni Keep Talking and Nobody Explodes, mchezo wa video wa kutegua bomu kwa pamoja. Mmoja anaona bomu kwenye skrini. Wengine wanaipa mgongo, wameshika mwongozo wa bure uliochapishwa kutoka bombmanual.com. Bomu la kwanza ni dakika 5, kwa hivyo hata mtu wa omena atamaliza kula.

Mwenye skrini anasema: "Nyaya tatu: nyekundu, buluu, buluu." Wasomaji wanafuata masharti kwa mpangilio: nyekundu ipo, ya mwisho si nyeupe, buluu zimezidi moja. "Kata buluu ya mwisho!" Mkikosea, saa inaenda mbio zaidi.

Kinacholipua bomu hasa ni kelele. Gawaneni kurasa, kila mtu ajibu zake tu.