Usingizi u njiani: maneno ya kuweka chini ya picha ya usiku

*Shikamoo Mwalimu. Juzi saa nane usiku nilipiga picha ya dirisha la chumba changu, mvua imetoka kunyesha, kioo kina matone na taa ya barabarani inaonekana kwa mbali. Nilitaka kuiposti na kapsheni ya Kiswahili yenye usingizi na njozi ndani yake. Nikaandika "Ninajisikia mwenye usingizi na ndoto katika usiku huu wa ukimya." Nikaisoma, nikaifuta, picha ikaenda bila maneno. Kosa langu liko wapi?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Ulifanya vizuri kuifuta, na sikio lako halikukudanganya. Sarufi ya sentensi ile haina kasoro, lakini ukimsomea mtu aliyelala nusu, atafumbua macho.

Tuanze na "ninajisikia". Kwa Kiswahili cha kila siku mtu husikia usingizi kama anavyosikia njaa, kiu na baridi: "nasikia usingizi", basi. Ukiongeza "ji" unaingia mahali pengine. "Najisikia vibaya" ni maneno ya mgonjwa, na "anajisikia" ikisimama peke yake ni sifa ya mtu mwenye maringo. Halafu kuna "mwenye usingizi", ambayo inamfanya mtu aonekane ana mali fulani mfukoni. Mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye usingizi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba umejiweka wewe mbele ya usingizi. Sikiliza watu wanavyozungumza nyumbani. Usingizi ndio unaotenda, na mtu ndiye anayetendwa. Usingizi unakuja, unamchukua mtu, unampitia, unamlemea, na siku nyingine unamruka au unampaa akabaki anatazama dari. Mama anayemsubiri mtoto atoke safari hasemi "nililala bila kukusudia". Anasema "nilipitiwa na usingizi", kana kwamba kuna kitu kilipita sebuleni kikamkuta kitini. Lugha imekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Ukiupa usingizi nafasi ya kiima, picha yako inapata mtu wa pili ambaye haonekani, na hapo ndipo njozi inapoanzia.

Kuna faida nyingine ya sauti. "Usiku" na "usingizi" ni maneno ya ngeli moja, yote mawili yanachukua upatanisho wa u-. Kwa hiyo ukisema "usiku umetulia, usingizi unanijia", irabu ile ile inarudi kila hatua, chini kwa chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Hukuhitaji kutafuta vina. Ukianza na "nina-" unaivunja ile u- mara moja.

Sasa "ndoto". Neno hili siku hizi limebeba mzigo wa mikutano ya hamasa. Ukiandika "ndoto" chini ya picha yako, wasomaji wengi watafikiri unazungumzia kazi unayoitaka au nyumba utakayojenga, na watakujibu "pambana". Kwa hali unayoitaka chukua "njozi", lenye harufu ya usingizi na ya vitu vinavyoonekana kwa macho yaliyofumbwa. Na ile hali yenyewe ya kuwa huku na kule, hujalala wala huko macho, ina jina lake: mang'amung'amu. "Niko kwenye mang'amung'amu ya usingizi." Litamke polepole usikie ng' inavyojirudia puani, midomo ikifunguka na kufungika kwa uvivu. Ni neno refu kwa kapsheni fupi, lakini likisimama peke yake chini ya picha ya kioo chenye matone, linatosha.

"Ukimya" nao uutoe. Picha haina sauti, kwa hiyo mtazamaji ameshauona huo ukimya. Kinachomfanya ausikie ni sauti ndogo ndani yake: tone moja linaloanguka kwenye bati, nyenje, mbwa wa mtaa wa pili. Ukilazimika kuutaja, sema "kimya kimetanda" au "usiku umetulia tuli", na ujihadhari na "shwari". Baharini "shwari" ni neno zuri sana, lakini "hali ni shwari" imekwisha kuwa lugha ya taarifa za usalama. Kapsheni yako itasikika kama imetoka kituo cha polisi.

Jambo ambalo ningependa ulishike zaidi ni wakati wa kitenzi, kwa sababu hapo ndipo hisia ya usiku inapokaa. Angalia hizi tatu: "silali", "sikulala", "sijalala". Ya kwanza ni uamuzi au tabia. Mtu anakataa kulala, au ni mlinzi. Ya pili imefunga mlango: kumekucha, unaeleza macho yako mekundu. Ya tatu, yenye -ja-, inaacha mlango wazi. "Sijalala" maana yake bado, lakini inawezekana, pengine baada ya dakika tano. Saa nane usiku mtu yuko hapo hasa, kwenye ile -ja-. "Nimekesha" nayo usiitumie mapema. Ni neno la aliyeuona usiku mpaka mwisho wake, kwenye ibada, msibani au kwa mgonjwa.

Na "fofofo" na "usingizi wa pono" viache kwa ajili ya picha ya mtu mwingine. Pono ni samaki wa miambani ambaye usiku hulala kwelikweli. Baadhi ya aina zake hujitengenezea utando wa ute na kulala ndani yake mpaka asubuhi. Anayelala usingizi wa pono hawezi kuwa anaandika kapsheni.

Nikiwa hapo kwenye picha za wengine, nikuonye kuhusu "lala salama". Tukiagana usiku ni maneno mema kabisa. Lakini ni hayo hayo yanayoandikwa kwenye matangazo ya tanzia na juu ya mashada. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuweka picha ya bibi yake amesinzia kitini, mikono mapajani, akaandika "Lala salama Bibi". Kabla ya saa moja kupita simu zilikuwa zinaita, shangazi analia, na mjomba ameshauliza maziko ni lini. Bibi alikuwa jikoni anakunywa chai. Kwa picha ya mtu, hasa mtu mzima, sema "Ulale unono, Bibi" au "Bibi kapitiwa na usingizi". Kwa kuwaaga wasomaji wako "usiku mwema" inatosha, na ukitaka la watu wa pwani, andika "Alamsiki". Anayelijua atakujibu "Binuru".

Sasa turudi kwenye dirisha lako. Una vitu viwili tu vya kweli: mvua iliyopita na usingizi ambao haujafika. Rasimu ya kwanza ingekuwa "Mvua imekatika, usingizi uko njiani." Tayari inapumua, kwa sababu vitu viwili vinatenda na wewe umekaa pembeni unavitazama. Ila ina kigugumizi kidogo, na kigugumizi hicho kinahesabika. Washairi wetu hupima mstari kwa mizani, yaani silabi, na kipimo kilichozoeleka zaidi katika shairi ni mizani 8 upande wa kwanza na 8 upande wa pili. Hesabu: mvu-a-i-me-ka-ti-ka, ni 7. U-si-ngi-zi-u-ko-nji-a-ni, ni 9. Upande mmoja umepunguka, mwingine umezidi.

Upande wa kwanza tuongeze -sha-: "imeshakatika". Mizani inatimia, na maana inasogea pia, kwa kuwa -sha- inasema jambo limekwisha, hakuna tena linalosubiriwa kutoka angani. Upande wa pili tuitoe "ko" tubaki na "u" peke yake, kama wanavyosema "yu njiani" kwa mtu. Ni umbo la zamani kidogo, wengi siku hizi wangesema "uko", lakini usiku unaliruhusu. Tunapata hii:

*Mvua imeshakatika, usingizi u njiani.*

Nane kwa nane. Msomaji wako hatahesabu, lakini aliyekulia kwenye mashairi ya redioni na nyimbo za bembelezi atausikia mwendo wake, na sauti yake itashuka yenyewe kwenye "njiani". Usiweke alama ya mshangao, wala nukta tatu. Nukta tatu hufanya kazi ambayo "njiani" imekwisha kuifanya.

Ukitaka kutaja saa, taja kwa hesabu yetu: "saa nane usiku". Ukiandika 2:00 kwa tarakimu, msomaji wa Kiswahili anaweza kusita kama ni saa mbili au saa nane, na kusita huko kunamwamsha. Siku nayo ina mtego wake. Kwa watu wa pwani usiku hutangulia mchana, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoanza jua la Alhamisi linapozama. Kwa wengine ni usiku unaofuata Ijumaa. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" unaeleweka na wote, na neno "kuamkia" lina alfajiri ndani yake.

Kisha utazame saa kabla ya kubonyeza. Kama usingizi umechelewa mno na "u njiani" imekuwa uongo, upande wa pili uwe "usingizi haujaja". Hiyo nayo ni mizani 8. Na kama utaiposti jogoo ameshawika na kioo kimeanza kuwa cheupe, badilisha silabi moja tu:

*Mvua imeshakatika, usingizi haukuja.*