Tairi la 26 lisiloingia kwenye rimu ya 26, na kiraka kinachobanduka

"Habari wakuu. Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, tairi la zamani limeandikwa 26 x 1 3/8. Nimenunua jipya la 26 x 1.95, haliingii kwenye rimu kwa namna yoyote. Tyubu niliyopewa nalo ina valvu kama ya gari na pampu yangu haiishiki. Nimerudi kwenye tyubu ya zamani, nimeibandika kiraka mara mbili, mara zote kimebanduka. Naombeni msaada."

Ndugu, tafadhali acha kulilazimisha tairi hilo, kwa sababu halitaingia hata ukipata watu watatu wa kukusaidia. Baiskeli yangu ni ya aina hiyohiyo, nimeiendesha hapa Shinyanga tangu mwaka 2015, na kosa lako nililifanya katika mwezi wa kwanza: nilipambana na tairi la 26 x 2.125 kwa vijiko viwili na bisibisi mpaka nikatoboa tyubu mpya ambayo haikuwa imewahi kujazwa upepo. Fundi mmoja mzee aliponiona hakugusa kitu, bali aliligeuza tairi langu la zamani, akapangusa vumbi ubavuni, akanionyesha tarakimu ndogo ambazo sikuwahi kuzitilia maanani: 37-590. Kisha akanionyesha tarakimu za lile jipya: 57-559.

Hizo ndizo tarakimu za kununulia tairi. Ya kwanza ni upana wa tairi lililojazwa, kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mduara ambapo ukingo wa tairi hukaa juu ya rimu, nao pia ni kwa milimita. Tairi lako la zamani la 26 x 1 3/8 ni la 590, na jipya la 26 x 1.95 ni la 559, kwa hiyo jipya lina kipenyo kidogo kuliko rimu yako kwa milimita 31, na kwa kuwa ndani ya ukingo wake mna waya ambao haunyumbuki, hakuna ujanja wa kulipitisha. Utata huu unatokana na kwamba inchi 26 hazikuwa kipimo cha rimu, bali zilikuwa kipimo cha takribani cha gurudumu zima kwa nje, pamoja na tairi lake. Tairi nene lilihitaji rimu ndogo ili gurudumu lifike inchi 26, na tairi jembamba lilihitaji rimu kubwa zaidi, hivyo rimu za ukubwa tofauti zikabaki na jina moja.

Kutokana na historia hiyo, namna upana ulivyoandikwa ni sehemu ya jina la tairi na si hesabu tu. Mwalimu wa hisabati atakuambia kuwa 1 1/2 na 1.50 ni kitu kimoja, lakini tairi la 26 x 1 1/2 hukaa kwenye rimu ya 584, ilhali la 26 x 1.50 hukaa kwenye rimu ya 559. Wale wenye baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo wana mtego wao pia: tairi lao la 28 x 1 1/2 ni la 635, na dukani huweza kuwepo tairi jingine linaloitwa 28 ambalo ni la 622. Hapo hatari iko kwa anayefanya kinyume chako, yaani anayeweka tairi la 635 kwenye rimu ya 622. Tairi litaingia kwa urahisi wa kupendeza, naye atashukuru, lakini likijazwa vizuri linaweza kuchomoka kwenye rimu na tyubu ikapasuka akiwa barabarani.

Kwa hiyo nenda dukani ukiulizia tairi lenye 590, usikubali namba nyingine badala yake. Kwenye upana ndipo una nafasi kidogo, maana 35 au 40 badala ya 37 kwa kawaida hukubali, mradi tairi lisikwaruze madigadi wala fremu. Iwapo maandishi yamefutika, pima rimu yenyewe kwa futi, kutoka ncha ya ukuta wake wa upande mmoja hadi ncha ya upande wa pili, ukipita katikati ya gurudumu. Rimu yangu ya 590 hutoa takribani sentimita 60, na ya baiskeli ya mwanangu, ambayo ni ya 559, hutoa takribani 57. Tofauti hiyo inatosha kukuzuia usikosee.

Sasa valvu. Baiskeli nyingi za Japani za matumizi ya mjini huja na valvu ya Dunlop, ile ile iliyo kwenye baiskeli zetu nyeusi: shina lenye nati ya kubana juu, na ndani yake kijiti chenye tundu ubavuni kilichovikwa kimpira chembamba. Pampu yako bila shaka imetengenezwa kwa ajili ya hiyo. Valvu ya gari ni nene, imesokotwa nyuzi hadi mdomoni, na ina pini katikati ambayo kichwa cha pampu lazima kiisukume ndipo upepo uingie. Pampu isiyo na kisukumio hicho haitaijaza hata ukipiga mia. Ya tatu ni Presta, nyembamba, yenye nati ndogo nchani ambayo hulegezwa kabla ya kujaza na kukazwa baada yake, nayo utaiona zaidi kwenye baiskeli za mashindano.

Tundu la rimu yako lina upana wa takribani milimita 8, hivyo linapokea Dunlop na valvu ya gari bila shida, na ungeweza kutumia tyubu uliyopewa kwa kununua pampu nyingine. Mimi nisingefanya hivyo, na sababu yangu ni upana wa tyubu. Iliyokusudiwa kwa tairi la 1.95 ni pana mno kwa tairi la 37, hujikunja ndani, na palipokunjwa ndipo hupasuka baadaye. Ukiwa na valvu ya gari jihadhari pia na mashine za upepo za vituo vya mafuta, kwani tyubu ya baiskeli ni ndogo na hujaa kupita kiasi ndani ya sekunde chache.

Kabla ya kuitoa tyubu ya zamani, hakikisha kwanza kwamba tatizo si valvu. Kimpira cha Dunlop hukauka na kupasuka kwa joto, kisha tairi hulala polepole kana kwamba lina pancha. Jaza upepo, tia mate au tone la maji kwenye mdomo wa valvu, na ukiona mapovu badilisha kimpira hicho. Kilowanishe, kivute mpaka kifunike tundu la kijiti kabisa, urudishe. Nimewahi kulivua tairi zima kwa ajili ya kimpira tu.

Ikiwa ni pancha kweli, usiichomoe tyubu na kuitupa pembeni, bali kumbuka ilivyokuwa imekaa kuhusiana na valvu. Ijaze upepo kiasi, ipitishe karibu na midomo au izamishe kwenye beseni, na ukipata tundu liwekee alama ya kalamu, kisha ilaze juu ya tairi kama ilivyokuwa ndipo uone tundu linaelekea wapi. Tundu moja upande wa nje huku kwetu karibu daima ni mwiba wa mgunga, ambao mara nyingi hukatika na kubaki umejificha ndani ya tairi. Pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi, nao utakinasa kabla haujakuchoma kidole. Matundu mawili madogo yaliyokaa ubavu kwa ubavu yanaonyesha kuwa uliendesha na upepo mdogo na rimu ikaibana tyubu kwenye jiwe. Tundu la upande wa ndani lina maana kwamba mkanda wa rimu umehama na ncha ya spoki inachoma. Tundu lililo kwenye shina la valvu halizibiki kwa kiraka, hilo badilishia tyubu.

Kuhusu viraka vyako kubanduka, sababu ninayoishuku kuliko zote ni haraka. Gundi ya tyubu, ambayo mafundi wengi huiita solusheni, haifanyi kazi kama gundi ya karatasi ambayo hubandikwa ikiwa mbichi. Kimiminika chake lazima kiondoke kwanza hewani, na kinachobaki ndicho kinachoshikana na upande wa chini wa kiraka. Ukibandika ikiwa bado inang'aa, umekifungia kimiminika chini ya kiraka, nacho kitateleza na kuinuka pembeni siku hiyohiyo au kesho yake.

Ninavyofanya ni hivi. Nakausha tyubu kabisa, kisha naisugua kwa msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka mpaka ule mng'ao uondoke na weusi uwe wa kufifia. Kama kuna ule mstari ulioinuka wa kiwandani, nausugua hadi usawazike, kwa sababu kiraka kikiupanda huacha njia ndogo ya upepo kando yake. Napangusa vumbi la msasa, na baada ya hapo sipagusi tena kwa kidole. Napaka gundi tabaka jembamba, lipite ukingo wa kiraka kila upande, kisha nasubiri kama dakika tano, pungufu kidogo jua likiwa kali, mpaka inapoteza mng'ao. Najaribu kwa kugusa ukingoni kabisa, na isiponata kidoleni kwa umajimaji iko tayari. Hapo ndipo nabandua karatasi ya fedha iliyo upande wa chini wa kiraka, nakiweka mara moja bila kukisogeza, nakikandamiza kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni, hasa pembeni. Nailoni ya juu naiacha ilivyo, maana kuivuta ndiko kunakoinua kingo. Gundi iliyobaki wazi naipaka poda ya mtoto isigandane na tairi.

Jambo jingine lililonigharimu viraka viwili ni kuijaza tyubu upepo nje ya tairi ili kujiridhisha. Nje ya tairi hakuna kinachoizuia, inavimba, mpira unanyumbuka kuliko kiraka na kingo zinaachia. Itie upepo kidogo tu ipate umbo, uirudishe ndani. Angalia pia umri wa gundi yenyewe, kwani ikishafunguliwa huendelea kukauka hata ikiwa imefungwa, na iliyoanza kuvutika kama ulimi wa asali haina kazi tena.

Wakati wa kurudisha tairi, anza upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukisukuma ukingo uliokwisha kuingia ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu, ambako kipenyo ni kidogo na ndiko unakopata ulegevu wa kumalizia kwa vidole vitupu. Kisha sukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo, zungusha gurudumu ukikagua pande zote mbili, ndipo ujaze hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Liache lilale usiku mzima. Likiamka limelegea, anza tena na tone la maji kwenye valvu kabla ya kukilaumu kiraka.