Mbuzi imevunjika mguu, au mbuzi amevunjika mguu?

Mi nimekulia Nakuru, na kwetu mnyama tulimsema vile tu inakuja mdomoni, ng'ombe imepotea, mbwa iliniuma, kuku zimeingia shambani, na hakuna aliyekosa kuelewa manake sote tuliongea hivyo. Afu nikahamia Mombasa, nikapanga chumba kwa bibi mmoja aliyefuga mbuzi wanne nyuma ya nyumba. Jioni moja natoka kazini nakuta mmoja ameangukiwa na jiwe la ukuta, mguu wa nyuma unaning'inia. Bibi alikuwa harusini, nikampigia simu.

"Shikamoo bibi. Mbuzi imevunjika mguu."

"Marahaba mwanangu. Iweke hapo kando, kesho ntampelekea seremala."

Nikamwambia bibi, inalia sana, itakufa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mbuzi! Nikadhani mbuzi ya nazi. Sema amevunjika, mwanangu. Haya mwite daktari wa mifugo upesi."

Kwa asiyeijua, mbuzi ya kukunia nazi ni kile kigoda cha mbao chenye chuma cha meno mbele, na nacho kina miguu, na miguu yake huvunjika kweli. Kwa hiyo bibi alinisikia sawasawa kabisa. Jina ni lile lile, ngeli ya I-ZI kwa umbo, lakini kikiwa kiumbe kinachopumua kinavuta maneno yote ya A-WA, kama mtu. Kile kiambishi kimoja cha mbele ya kitenzi ndicho kinachosema kama aitwe daktari au seremala.

Ndege ni hivyo hivyo. Ndege ametua ni yule wa mabawa na manyoya, ndege imetua ni ile ya abiria, ndege wawili wako mtini, ndege mbili ziko uwanjani. Tembo pia, tembo amekunywa maji ya mto ni mnyama, ila ile pombe ya mnazi inaenda LI, ndio maana tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata magazeti ya Tanzania yakiandika Simba yashinda ujue ni klabu, simba wa porini wangemwandikia ashinda.

Sa, kosa ambalo naliona sana kwa watu wanaojirekebisha, na mi nilikaa nalo miezi, ni kurekebisha kitenzi peke yake. Mtu anaandika "nauza ng'ombe mbili nzuri wamechanjwa", kitenzi kimekaa sawa lakini hesabu na sifa zimebaki kwenye I-ZI. Njia niliyoitumia mimi ni kutoa jina la mnyama na kuweka mtu au watu, naisoma sentensi nzima kwa sauti, afu namrudisha mnyama. Watu mbili nzuri, sikio linakataa papo hapo. Watu wawili wazuri wamechanjwa, haya, basi ni ng'ombe wawili wazuri wamechanjwa. Inashika kila kitu, huyu na hawa, wengi badala ya nyingi, mwenye pembe badala ya yenye pembe, nimemwona badala ya nimeiona, aliyepotea badala ya iliyopotea.

Kufa hakumtoi mnyama huko, mradi bado unamtaja yeye mwenyewe. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na huyo samaki ameshatoka majini kitambo. Ukitaja sehemu yake au kundi lake ndipo mambo yanabadilika, manake hapo linalotawala ni lile neno la kwanza: nyama ya ng'ombe imeiva, kundi la ng'ombe limevuka barabara.

Mahali ambapo jaribio la mtu halikusaidii ni kwenye wangu, wako, wake. Hapo ile ngeli ya umbo inarudi kidogo. Watu wa karibu wanabaki nayo, dada yangu, rafiki yangu, ndugu zangu, ila ukishatoka hapo tu unarudi A-WA, dada yangu mkubwa amefika, kamwe si kubwa imefika. Mnyama mmoja ni mbuzi wangu. Wakiwa wengi, wangu inakubalika, lakini wazee wengi wa pwani utawasikia wakisema zangu, na mi naipenda zaidi, kwa sababu ukisema "mbuzi wangu" peke yake bila kitenzi sijui ni mmoja au ni kumi.

Bibi bado huniandikia meseji akisafiri. Ya juzi nimeihifadhi, kila neno limekaa pake: "Mwanangu, mbuzi zangu wote wanne washakula? Na mbuzi usiiache nje, inyeshe ilowe."