Pombe inatuliza usiku, hofu inakuja asubuhi

"Nikinywa bia nne Jumamosi natulia kabisa, ila Jumapili naamka na hofu na huzuni bila sababu. Kwa nini?"

Pole sana ndugu yangu. Pombe huipa nguvu gaba, kemikali ya ubongo inayofanya kazi kama breki, na kuzima glutameti inayochochea. Ndiyo ule utulivu. Ila ubongo haukubali kulala hivyo: unalegeza breki zake na kuongeza mafuta ili ujisawazishe. Pombe ikiisha, mafuta yanabaki.

Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe, na ini huchukua zaidi ya saa mbili kuimaliza. Ukianza saa moja jioni, zile nne zinaisha karibu saa kumi alfajiri. Ndipo unaposhtuka, moyo unadunda, shuka limelowa jasho, na usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu. Huzuni inaota hapo.

Tafadhali usizimue, unaahirisha tu hofu ileile. Mara nyingi hupungua ndani ya siku moja au mbili. Lakini kama unakunywa kila siku na mikono inatetemeka ukikosa, usiache ghafla, unaweza kupata degedege. Nenda hospitali kwanza.